Chupa Iliyobaki Dirishani

Mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Leo nina ombi moja kabla hatujaanza. Tafadhali nenda pale unapoweka dawa nyumbani kwako, iwe ni kwenye mkebe, kwenye kikapu au dirishani, uchukue chupa moja ya dawa ya mtoto uje nayo. Ishike mkononi. Tutaitumia tukiendelea.

Leo nitakusimulia hadithi. Watu waliomo nimewabuni, lakini dawa, tarehe na makosa ni yale yale tunayoyakuta kila tunapotembelea nyumba.

Katika kijiji kimoja cha bara ya Kilifi, kule ambako jua la saa nane linaunguza mpaka mbuzi wanalala chini ya gari lililoegeshwa, kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mama Kadzo. Yeye alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, wale ambao tangu mwaka 2023 wanaitwa rasmi wahamasishaji wa afya ya jamii. Alikuwa na nyumba karibu 100 za kutembelea. Alijua kupima utapiamlo kwenye mkono wa mtoto na kuhesabu pumzi. Lakini dawa zilizokuwa ndani ya nyumba za watu hakuwahi kuzigusa. Alikuwa akisema, "Dawa ni mambo ya daktari."

Siku ya Jumatatu, tarehe 24 Februari 2025, mfamasia kutoka hospitali ya kaunti ndogo alikuja kwenye zahanati ya hapo kijijini. Alikuwa kijana mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni na roli ya plasta. Alimwambia, "Mama Kadzo, leo sitaki kufundisha nikiwa nimekaa kwenye benchi. Nipeleke nyumbani kwa watu, tukafungue mikebe yao ya dawa pamoja."

"Sawa, daktari," akajibu Mama Kadzo. "Lakini twende mapema, jua lisitukute njiani."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Neema. Walipiga hodi, wakakaribishwa, wakapewa vigoda chini ya mwembe. Neema, mtoto wa miezi 14, alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Alikuwa akikohoa.

"Mtoto ana nini, dada?" akauliza Mama Kadzo.

"Ni kikohozi tu, dada. Kilianza juzi. Lakini nashukuru nilikuwa na dawa. Mwezi uliopita alikuwa na kikohozi kama hiki, akapewa dawa ya maji, akapona siku ya tatu. Ile iliyobaki niliiweka. Jana usiku nimempa kijiko, na leo asubuhi kijiko kingine."

Mfamasia akaomba kuiona. Mama Neema akaingia ndani, akatoka na chupa ya plastiki iliyokuwa dirishani, chini kidogo ya mabati. Ndani yake mlibaki dawa kama nusu. Ilikuwa amoksisilini, ile antibiotiki ya watoto inayotoka kiwandani ikiwa unga, kisha inachanganywa na maji.

"Mama Kadzo," akasema mfamasia, "hebu nisomee tarehe."

Mama Kadzo akaigeuza chupa mara mbili. Akaona maandishi madogo karibu na chini. Akasoma: "EXP 11/2027." Akatabasamu. "Daktari, hii bado nzima. Ina zaidi ya miaka miwili."

Mpendwa msikilizaji, hapa ndipo ninakuomba utazame ile chupa uliyoshika. Tafuta herufi hizo tatu, EXP. Namba zinazofuata ndizo mwisho wa matumizi. Kama zimeandikwa mwezi na mwaka peke yake, dawa inaruhusiwa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Kwa hivyo 11/2027 maana yake ni mpaka tarehe 30 Novemba 2027. Mama Kadzo alisoma sawasawa kabisa. Lakini jibu lake halikuwa sawa.

Mfamasia hakumcheka. Akamuuliza, "Mama, unga wa uji ukiwa mkavu ndani ya pakiti, unakaa muda gani?"

"Miezi."

"Na ukishaupika uji ukabaki sufuriani?"

"Kesho yake umechacha."

"Basi tarehe uliyosoma ni ya unga. Kiwanda kinasema: nikikaa mkavu, nimefungwa, mahali pasipo na joto kali, nitafika Novemba 2027. Lakini unga huu ulitiwa maji. Siku unapotiwa maji, tarehe ile ya kiwanda inakwisha kazi, na saa nyingine inaanza kuhesabu. Chupa nyingi za amoksisilini zinakupa siku 7 baada ya kuchanganywa. Nyingine zinafika siku 14 kama zinakaa ndani ya friji. Kila chupa imeandikwa yake, na ndiyo unayoifuata."

Akaeleza sababu. Maji yenyewe ndiyo yanayoivunja dawa hii kidogo kidogo. Ikiwa kavu haivunjiki kwa urahisi. Ikiwa ndani ya maji huvunjika kila siku, na joto huharakisha. Chupa iliyokaa dirishani chini ya mabati haina nguvu sawa na ile iliyokaa mahali baridi.

"Mama Neema, dawa hii ilichanganywa lini?" akauliza.

Mama Neema akafikiri. Akaleta kijitabu cha mtoto. Ilikuwa imeandikwa humo: tarehe 20 Januari. Mfamasia akamwambia Mama Kadzo ahesabu kwa vidole, siku ya kuchanganya ikiwa ndiyo ya kwanza. Tarehe 20, 21, 22, 23, 24, 25, 26. Siku ya saba ilikuwa tarehe 26 Januari. Na leo ilikuwa tarehe 24 Februari. Chupa ilikuwa imepitisha siku zake kwa karibu mwezi mzima, na bado maandishi yake yalikuwa yanasema 2027.

"Lakini haijaharibika," akasema Mama Neema. "Tazama, rangi ni ile ile. Nimeinusa, harufu ni ile ile ya matunda."

Msikilizaji, huenda nawe ungesema hivyo. Ni kweli zipo dawa zinazojitangaza zikiharibika. Vidonge vya asprini vilivyoingiwa na unyevu hunuka kama siki. Vidonge vingine hushikana, hubadilika rangi au huvunjika kuwa unga. Dawa ya maji huweza kuganda chini hata ukiitikisa haichanganyiki. Ukiona dalili kama hizo usiitumie, hata kama tarehe bado. Lakini kinyume chake si kweli. Dawa inaweza kupoteza nguvu yake huku rangi, ladha na harufu vikibaki pale pale, kwa sababu rangi na harufu ya matunda vilitiwa ili mtoto akubali kumeza. Vyenyewe havitibu chochote. Uji ukichacha utakuambia. Dawa haitakuambia. Ndiyo maana tunaandika tarehe.

Wakati mfamasia anaeleza, Mama Kadzo alikuwa anamtazama Neema. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka haraka. Akamwomba Mama Neema ainue nguo ya mtoto mpaka kitovu kionekane, amshike akiwa ametulia bila kunyonya wala kulia. Akatoa kifaa chake cha kupima dakika, akahesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Zilikuwa 52.

"Daktari," akasema polepole, "huyu si wa kungoja."

Kwa mtoto wa kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi miwili mpaka asiyetimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Mtoto anayekohoa na kupumua haraka hivyo huenda ana nimonia, na nimonia inataka dawa yenye nguvu kamili, kwa kipimo cha uzito wake wa leo. Neema alikuwa amepewa vijiko viwili vya dawa iliyochoka. Kitu kibaya zaidi ambacho vijiko hivyo vilifanya ni kumpa mama yake amani. Aliamini mtoto anatibiwa, kumbe usiku mzima ulikuwa umepita bila tiba.

Mfamasia akamwangalia Neema kwa makini. Alikuwa bado ananyonya, hatapiki kila kitu, hajashikwa na degedege, hajalegea kiasi cha kutoamka, na kifua chake kilikuwa hakibonyei kwa ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi. Kama ingekuwepo dalili moja tu kati ya hizo, wangetafuta gari la kumpeleka hospitali wakati huo huo. Kwa kuwa hazikuwepo, Mama Kadzo akaandika karatasi ya rufaa, na wote wakaondoka kwa miguu kwenda zahanati.

Kule zahanati muuguzi alimpima uzito, akamhesabu pumzi tena, akathibitisha nimonia. Safari hii Neema hakupewa chupa. Alipewa amoksisilini ya vidonge vinavyoyeyuka. Kidonge kimoja kimoja kinatolewa kwenye pakiti wakati wa kumpa mtoto, kinawekwa kwenye kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, kinayeyuka, na mtoto anameza hapo hapo. Vilivyobaki vinakaa vikavu ndani ya pakiti yao mpaka zamu yao. Muuguzi alimpa mama dozi ya kwanza ampe mtoto pale pale, akamwonyesha ni vingapi kwa siku na mpaka siku gani, akamwambia amrudishe baada ya siku mbili, au kabla ya hapo akizidiwa.

Mama Neema aliuliza kwa aibu, "Kwa hivyo mwezi uliopita nilikosea nilipoacha siku ya tatu?"

"Ndiyo, mama," akajibu mfamasia, "lakini si wewe peke yako. Mtoto akicheza, tunadhani ugonjwa umekwisha. Lakini huenda bakteria wengine bado wamebaki. Mpe siku zote ulizoambiwa. Halafu ujue jambo hili pia: hata ukimaliza siku zote, chupa inaweza kubaki na dawa, kwa sababu kiwanda hakitengenezi chupa kwa uzito wa Neema. Iliyobaki siyo akiba. Irudishe."

Mpendwa msikilizaji, njiani wakirudi, mfamasia alimfundisha Mama Kadzo ule ufundi wa plasta, nami nataka nawe uujue leo. Ukipewa dawa ya unga kwenye duka la dawa au zahanati, omba ichanganywe pale pale mbele yako na mtu anayejua. Kama ni lazima uichanganye nyumbani, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kwanza tikisa unga ukiwa mkavu ili usiwe na madonge. Tia maji kidogo, tikisa, kisha ongeza mpaka kwenye alama ya chupa, usipitishe, na utikise tena. Ukizidisha maji, kila kijiko kitakuwa na dawa pungufu. Ukipunguza, kila kijiko kitakuwa kikali kupita kipimo.

Baada ya hapo, kata kipande cha plasta, kibandike kwenye chupa bila kufunika maandishi, na uandike tarehe mbili. Ya kwanza ni siku iliyochanganywa. Ya pili ni siku ya mwisho. Kwa Neema ingekuwa: "20 Januari, mwisho 26 Januari." Hata bibi wa nyumbani akisoma, au jirani aliyeachiwa mtoto, ataelewa bila kuuliza. Kama huna plasta, kalamu ya wino usiofutika kwenye chupa inatosha.

Dawa nyingine za nyumbani nazo zina saa yao ya pili. Pakiti ya ORS ya mtoto anayeharisha ikishachanganywa na maji, ni saa 24 tu. Kinachobaki asubuhi ya pili kinamwagwa, na unachanganya mpya kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya matone ya macho nyingi yake ni wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama chupa bado ina matone, kwa sababu vijidudu huingia kila unapoifungua. Parasetamoli ya maji ni tofauti: hiyo hutoka kiwandani ikiwa tayari, haichanganywi, na hudumu zaidi. Kwa hiyo soma maandishi yake, na uandike siku uliyoifungua.

Nyumba ya pili ilikuwa ya nyanya mmoja anayelea wajukuu watatu. Mfamasia akasimama mlangoni, akasema, "Mama Kadzo, hapa ongoza wewe. Mimi nitanyamaza."

Mama Kadzo akasalimu kwa heshima, akaeleza wamekuja kufanya nini, akaomba ruhusa ya kuona dawa. Hakuingia ndani kutafuta mwenyewe. Nyanya akaleta mkebe wa majani ya chai. Ndani yake mlikuwa na pakiti ya vidonge vya presha, vipande viwili vya vidonge vilivyokatwa, bahasha ya karatasi yenye vidonge vyeupe sita, na chupa ya soda iliyojaa nusu ya kitu chekundu.

Mama Kadzo akaanza na vidonge vya presha. Akasoma, uso ukabadilika. "Nyanya, hivi vimepitwa! Ni vya mwaka 2023!" Akavitenga kando ili avichukue.

Mfamasia akakohoa kidogo. "Soma herufi zilizotangulia, mama."

Mama Kadzo akasogeza pakiti kwenye mwanga. Ilikuwa imeandikwa MFG 06/2023. Mstari wa chini yake ulisema EXP 05/2026. Ile ya kwanza ilikuwa tarehe ya kutengenezwa, siyo ya kuisha. Vidonge vilikuwa vizima.

Alishika mdomo. "Ningemchukulia dawa nzuri!"

"Na nyanya angekaa bila dawa ya presha mpaka siku ya kliniki," akasema mfamasia. "Kosa hili lina madhara kama lile la kwanza. Ndiyo maana nakuomba usome mistari yote miwili kila mara. Ile iliyo mbali zaidi kwenye kalenda ndiyo ya kuisha. Na hata ukikuta dawa ya presha, kisukari, kifafa au ya virusi vya ukimwi imepitwa kweli, usiichukue ukamwacha mtu mikono mitupu. Mpeleke zahanati abadilishiwe siku hiyo hiyo."

Nyanya akacheka. "Kumbe hata walimu wanafundishwa."

Wakaendelea. Vile vipande viwili vya vidonge vilivyokatwa havikuwa na tarehe yoyote. Tarehe huchapishwa au kugongwa kwenye ukingo mmoja wa pakiti, na mtu aliyekata alianza upande huo. Funzo lake ni rahisi: tazama tarehe iko upande gani, kisha anza kutumia vidonge kutoka upande mwingine, ukingo wenye tarehe ubaki mpaka mwisho. Ukiuziwa vidonge vichache vilivyokatwa, omba uonyeshwe tarehe kabla hujalipa, na uiandike.

Vidonge sita vya bahasha, nyanya alisema ni vya "maumivu, au vile vya minyoo." Hakuwa na hakika. Mfamasia akasema dawa isiyo na jina, tarehe wala mwenyewe haina kazi tena nyumbani, hata kama ilikuwa nzuri. Bahasha ni ya kubeba dawa ya siku chache unazomaliza. Haizuii unyevu, na baada ya miezi miwili hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nani.

Na ile chupa ya soda? Ilikuwa dawa ya kikohozi ambayo nyanya aliihamisha baada ya chupa yake kuvunjika kifuniko. Mama Kadzo hapa hakuhitaji kusaidiwa. "Nyanya, mjukuu wako mdogo akiona chupa hii, ataona soda," akasema. "Na huyu mkubwa akikuta mafuta ya taa kwenye chupa kama hii, atafikiri ni dawa." Nyanya akaitoa bila neno.

Sasa likaja swali lenye mgogoro wa kweli, nalo ni la mahali. Nyanya akauliza, "Nikiweka chini, watoto wanachukua. Nikiweka juu, mnasema mabati yana joto. Niweke wapi?"

Ni swali zuri, msikilizaji. Dawa nyingi za nyumbani zinaandikwa zihifadhiwe pasipozidi nyuzi joto 30, pakavu, pasipo na jua. Nyumba ya mabati isiyo na dari, saa nane mchana, inapita hapo kwa mbali pale juu karibu na paa. Jikoni kuna moto na mvuke. Dirishani kuna jua. Chooni na bafuni kuna unyevu.

Mfamasia akamwambia Mama Kadzo azunguke chumbani akiweka kiganja ukutani, mchana ule wa joto. Ukuta wa magharibi ulikuwa wa moto kwa sababu jua la alasiri linaupiga. Ukuta wa ndani, ule unaogawa vyumba viwili, ulikuwa umepoa. "Hapo," akasema. Wakachukua mkebe wenye kifuniko kinachobana, wakautundika kwenye msumari juu kidogo ya kichwa cha nyanya, mbali na paa, na pasipo na kitanda wala kigoda chini yake ambacho mtoto angepanda. Mkebe ukapewa kufuli dogo, na ufunguo nyanya akaufunga kwenye pindo la leso yake. Kila dawa ikabaki ndani ya pakiti au chupa yake ya asili.

Kwa aliye na friji, dawa iliyoandikwa iwekwe baridi ikae kwenye rafu ya katikati. Usiiweke mlangoni, kwa sababu hapo joto hubadilika kila mlango unapofunguliwa, wala usiigandishe kuwa barafu. Dawa ambayo haikuandikwa hivyo haihitaji friji. Na kama huna friji, mwambie anayekupa dawa kabla hajakupa. Ziko antibiotiki za maji ambazo lazima zikae baridi baada ya kuchanganywa, kama ile amoksisilini iliyoongezwa klavulanati. Ukisema mapema, anaweza kukutafutia aina inayoyeyuka kama aliyopewa Neema.

Dawa za kutupa, Mama Kadzo aliziweka kwenye mfuko mmoja, akaufunga. Nyanya alitaka kuzitia shimo la choo, wengine huzitia motoni. Mfamasia akakataa yote mawili. Moto wa jikoni haumalizi dawa, na moshi wake unavutwa na walio hapo. Chooni inaweza kufika kwenye maji ya ardhini. Jalalani watoto na kuku wanachokora. Mfuko ukapelekwa zahanati, ambako dawa zilizoharibika hutengwa na kupelekwa kuteketezwa kwa njia inayofaa.

Siku ya Jumatano, Mama Kadzo alirudi kwa Mama Neema, wakaenda pamoja zahanati kama walivyoambiwa. Neema alihesabiwa pumzi: zilikuwa 36. Alikuwa anavuta leso ya mama yake na kutaka kushuka chini. Mama Neema hakusema "amepona." Alisema, "Bado siku tatu za dawa." Na nyumbani kwake, kwenye ukuta wa ndani, mkebe ulikuwa umeshatundikwa.

Basi mpendwa msikilizaji, rudi kwenye chupa uliyoshika. Umeona EXP? Umeitofautisha na MFG? Sasa jiulize swali ambalo kiwanda hakiwezi kukujibia: chupa hii ilifunguliwa au kuchanganywa lini? Kama hukumbuki, na ni dawa iliyochanganywa na maji, usimpe mtoto leo usiku. Ipeleke zahanati, au umpe mhudumu wako wa kijiji atakapopita. Na kama mtoto wako anakohoa na anapumua haraka, usisubiri kwanza kujaribu kilichobaki dirishani. Mbebe uende naye.

Tukikutana tena katika kipindi kijacho, tutazungumza juu ya kumpa mtoto dawa anapoikataa au kuitapika. Mpaka wakati huo, mimi ni muuguzi wako wa afya ya jamii. Kwaheri ya kuonana.